Kumi Iliyotoka Pengine: Kisa cha 5 1/4 Toa 2 2/3

Usuli

Mtoto wa kisa hiki ni msichana wa Gredi ya Sita anayeishi Nairobi, upande wa Eastlands. Jina lake, shule yake na kazi ya mama yake nimeviacha nje, na maneno ya ujumbe nimeyapindua kidogo ili yasimtambulishe. Hesabu zenyewe sijazigusa.

Mimi hufundisha hisabati watoto wa rika lake, na huyu hukutana naye kila Jumamosi. Katikati ya wiki ana ruhusa ya kunitumia picha ya daftari kwa simu ya mama yake akikwama. Si mtoto wa kusukumwa. Jedwali la kuzidisha analo kichwani, na kutoa kwa kukopa, kama 52 toa 27, hufanya haraka bila kusimama. Wepesi huo wa kukopa ndio uliokuja kumponza.

Jumatano moja, saa mbili kasorobo usiku, picha ikaingia ikiwa na maneno haya: "Mwalimu kosa langu liko wapi? Nimerudia mara tatu inakuja ile ile." Kabla sijaifungua vizuri ukafuata ujumbe wa pili: "Jibu najua ni 2 7/12, kaka amenionyesha. Lakini kwa hii yangu kosa ni wapi."

Kaka yake yuko sekondari. Alikuwa amegeuza kila kitu kuwa akisami tupu: 21/4 toa 8/3, yaani 63/12 toa 32/12, inabaki 31/12, ambayo ni 2 7/12. Kazi safi. Ila alikuwa amejibu swali ambalo dada yake hakuuliza. Dada hakuwa akitafuta jibu wala njia nyingine. Alitaka kujua ni wapi katika njia yake mwenyewe aliacha barabara, na mtu anayeuliza hivyo ukimpa njia ya pili anabaki na ya kwanza ikiwa bado imevunjika, na hajui imevunjika wapi.

Picha yenyewe

Hesabu ilikuwa imeandikwa kwa penseli, mistari minne, huku kivuli cha mkono wake kikiwa kimeangukia upande wa kulia. Niliisoma hivi:

```
5 1/4  - 2 2/3
5 3/12 - 2 8/12
4 1?/12 - 2 8/12
2 5/12
```

Alama ya kuuliza ni yangu. Tarakimu ile ilikuwa 3 au 5; kichwa chake kilikuwa bapa, na kivuli kikafunika tumbo lake. Mtu anaweza kuona hilo ni jambo dogo, lakini hapo ndipo utambuzi wote unapogeukia. Ikiwa aliandika 15, basi mstari wa tatu uko sawa na kosa liko kwenye wa nne: 15 toa 8 ni 7, yeye akaandika 5, yaani aliteleza tu. Ikiwa aliandika 13, basi 13 toa 8 ni 5 kweli, mstari wa nne hauna hatia, na kosa liliingia kati ya wa pili na wa tatu. Makosa hayo mawili ni ya watoto wawili tofauti. Wa kwanza amechoka, wa pili anaamini kitu.

Nilikuwa na dalili mbili kwamba ni 13. Ya kwanza ni kwamba mstari wa nne unakubaliana nayo. Ya pili ni neno lake, "mara tatu inakuja ile ile." Anayeteleza haangukii shimo lilelile mara tatu. Hata hivyo sikutaka kukisia, kwa sababu nimewahi kumweleza mtoto kwa dakika kumi kosa ambalo hakulifanya, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Nikamwandikia: "Kazi yako naiona. Nisomee mstari wa tatu kwa sauti, kisha unitumie na ile karatasi uliyoanza kuandika, hata kama umeikata."

Ujumbe wa sauti ulikuwa wa sekunde chache, televisheni ikisikika nyuma: "Nne, na kumi na tatu juu ya kumi na mbili." Basi ni 13.

Karatasi ya rafu ndiyo iliyonipa sababu. Hapo 5 ilikuwa imepigwa mstari, 4 ikaandikwa juu yake, na mbele ya 3 ya 3/12 kulikuwa na kijimoja kidogo sana, kimebanwa kushoto. Yeyote aliyesoma shule ya msingi anakijua kijimoja hicho. Ukitoa 27 kwa 52, unakopa kutoka 5, unaweka kijimoja mbele ya 2, unapata 12. Naye alifanya vivyo hivyo: alikopa moja kutoka 5, akakiweka kijimoja mbele ya 3, akapata 13. Alipohamishia daftarini kwa mwandiko mzuri, kijimoja kikakua kikawa sawa na mwenzake, na alama ya kilikotoka ikapotea.

Kulikuwa na kitu kingine pembeni mwa rafu, ambacho nilikiona mara ya pili nilipoivuta picha. Alikuwa amehakiki jibu lake:

```
2 5/12 + 2 8/12 = 5 3/12
```

Juu ya ile 2 ya kwanza kulikuwa na kijimoja kingine. Yaani alijumlisha 5 na 8 akapata 13, akaandika 3, akabeba 1. Mbili na mbili na moja ni tano. Akarudi palepale alipoanzia, 5 3/12, na kwa macho yake hesabu ikawa imefunga. Ukweli ni kwamba 2 5/12 ukijumlisha 2 8/12 unapata 4 13/12, ambayo ni 5 1/12. Lakini kwa kuwa alikopa kumi alipokuwa akitoa na akabeba kumi alipokuwa akijumlisha, kosa la kwenda na kosa la kurudi yalifutana. Ndiyo maana alikuwa na uhakika kiasi kile, na ndiyo maana jibu la kaka lilimkera badala ya kumsaidia.

Mazungumzo, na nilichoamua

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutochora kitu juu ya picha yake. Simu hukuruhusu kuweka duara jekundu ukairudisha, na ni kazi ya sekunde tano. Shuleni alikuwa tayari amewekewa mkasi mkubwa, ile X ya kukosa, uliopita juu ya mistari yote minne, pamoja na ule wa pili uliokuwa sahihi. Sikutaka mkasi wa pili.

Nilianza na kilichosimama, na nikasema kwa nini kimesimama: "Mstari wa pili ni sawa. 1/4 ni 3/12 na 2/3 ni 8/12, na uliona kwamba 3 haitoshi kutoa 8." Sikumwambia "vizuri sana," kwa sababu sentensi hiyo haimwambii ni nini asikiguse.

Kisha nikafanya kosa langu mwenyewe. Niliandika, "Uko karibu sana." Nilidhani ni upole. Yeye akaelewa kuwa kosa liko karibu na mwisho, akarudi kwenye 13 toa 8, akaihesabu upya kwa vidole, akaniletea: "Ni 5 Mwalimu, nimehesabu." Alikuwa sahihi, nami ndiye niliyempeleka huko. Ikanibidi nimwambie wazi: "Ndiyo, ni 5. Mstari wa nne hauna shida. Tuangalie kutoka wa pili kwenda wa tatu tu."

Swali langu la kwanza la kweli lilikuwa: "Kitu kizima kimoja ni ngapi juu ya 12?" Akajibu papo hapo: "12/12." Nikangoja. Hakuna kilichofuata. Alikuwa analijua jambo hilo vizuri kabisa, na halikuwa na uhusiano wowote na kijimoja chake. Kichwani mwake 12/12 iliishi katika mada ya akisami, na kukopa kuliishi katika mada ya kutoa, na hizo ni nyumba mbili zisizo na mlango kati yake.

Nikaenda moja kwa moja: "5 imekuwa 4. Ile 1 uliyoitoa imeenda wapi?"

"Kwa 3."

"Ilipofika huko imekuwa ngapi?"

"Kumi. Ukikopa inakuwa kumi."

Hapo nilikuwa nimepata mzizi kwa maneno yake mwenyewe. Wakati huohuo mama yake akaingia kwa ujumbe wa sauti: "Mwalimu, huyu mtoto anaamka mapema, mwambie tu hiyo kumi na mbili alale." Ombi la haki. Nikamwomba dakika kumi, akanipa.

Ningeweza kumwambia kanuni: katika akisami unakopa nambari ya chini, si kumi. Angeikubali. Lakini ingekuwa kanuni juu ya kanuni, na kesho mbele ya 9 au 7 angelazimika kukumbuka ni ipi inayotumika wapi. Nilitaka akutane na mahali ambapo yeye mwenyewe, bila kufundishwa, hukataa kukopa kumi. Mahali hapo pako kwenye ukuta wa kila sebule.

"Weka akisami pembeni," nikamwandikia. "Fundi alisema kazi itamchukua masaa 5 na dakika 15. Ameshafanya masaa 2 na dakika 40. Bado ngapi?" Nilitumia "masaa" makusudi. Wasafi wa lugha hawalipendi neno hilo, lakini ningeandika "saa tano na robo" angeona saa tano na robo ya asubuhi, wala si muda wa kazi.

Baada ya dakika mbili hivi picha ikaja. Masaa 4 na dakika 75, toa masaa 2 na dakika 40, inabaki masaa 2 na dakika 35.

"Mbona umeandika 75, si 25?"

"Kwa sababu saa moja ina dakika sitini. Haiwezi kuwa kumi."

Sikuandika chochote. Nikaona simu ikionyesha kuwa anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha: "Mwalimu. Hii ni ile hesabu?"

Ni ile. 1/4 ya saa ni dakika 15 na 2/3 ya saa ni dakika 40. Nilichagua muda huo kwa sababu hiyo. Nikamwomba atazame saa ya ukutani, aniambie mshale mrefu unaonyesha tarakimu gani ikiwa dakika 15 zimepita. Tatu. Dakika 40? Nane. Uso wa saa umegawanywa mara kumi na mbili, kwa hiyo mshale ukiwa kwenye 3 umekwenda 3/12 ya mzunguko, na kwenye 8 umekwenda 8/12. Mstari wake wa pili ulikuwa unaning'inia ukutani. Dakika 35 ni mshale kwenye 7.

"Na jibu langu mshale uko kwa 5," akaandika. "Nimepoteza dakika kumi."

Hilo la dakika kumi sikulitarajia. Alichofanya ni kukopa mzunguko mzima wa vipande 12, kisha akapokea 10 tu. Vipande viwili vilianguka njiani, na vipande viwili vya saa ni dakika kumi kamili. Akarekebisha mstari wa tatu mwenyewe, 4 15/12, na wa nne ukajirekebisha. Wakati huo ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano usiku.

Matokeo

Jumamosi nilimpa 6 1/5 toa 3 3/4. Akaandika 6 4/20 toa 3 15/20, akakopa, akaandika 5 24/20, akapata 2 9/20. Hakusita kwenye 24. Nilikuwa nimekwepa makusudi hesabu zenye 10 chini, kama 4 3/10 toa 1 7/10, kwa sababu hapo anayekopa kumi na anayekopa nambari ya chini wote hupata 2 6/10. Hesabu kama hiyo haipimi chochote, na mtoto anaweza kupata kumi za namna hiyo akaonekana amepona.

Wiki iliyofuata kijimoja kikarudi. Hesabu ilikuwa 7 2/9 toa 4 5/9, naye akaandika 6 12/9. Mara hii alisimama kabla ya kutoa, akaweka kidole juu ya 12, akanong'ona "tisa," akafuta, akaandika 11. Akapata 2 6/9, akaifupisha hadi 2 2/3. Tisa hazina saa ya ukutani, kwa hiyo hapo alikuwa akitembea bila mkongojo.

Wiki mbili baada ya kisa, picha nyingine ikaingia. Safari hii ni kujumlisha, 3 7/8 na 2 6/8, na jibu lake lilikuwa 6 3/8.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi kilikuwa kudai karatasi ya rafu. Nakala safi ilinionyesha mahali pa kosa, lakini haikunionyesha sababu, na bila kile kijimoja kilichobanwa kushoto ningeweza kudhani amekosea kujumlisha 3 na 12. Watoto wengi wa hapa wamezoeshwa kwamba daftari lisilo na mikwaruzo ndilo daftari zuri, kwa hiyo hufuta ushahidi kabla ya kumwonyesha mtu. Ukitaka kuuona lazima uuombe, na uuombe kwa namna ambayo haitamfanya aone aibu. Maneno "hata kama umeikata" yalitosha.

Kusoma kwa sauti nako kulilipa. Katika picha ya simu, 1 na 7, 3 na 5, 4 na 9 huchanganyika, na kulinganisha na tarakimu nyingine za mtoto huyohuyo ukurasani husaidia mpaka kivuli kikuzuie. Sekunde chache za sauti zilimaliza ubishi wa nafsi yangu.

Namna nilivyoutafuta mstari wenyewe ni hii. Sikuuliza kama mstari ni sahihi. Niliuliza kama unatokana na ule ulio juu yake. Mstari wa nne una jibu lisilo sahihi lakini unatokana vizuri na wa tatu. Wa tatu hautokani na wa pili: 4 13/12 ni 5 1/12, na juu yake kuna 5 3/12. Hapo ndipo thamani ilipobadilika kwa mara ya kwanza. Mkasi wa shuleni uliopita juu ya yote minne ulimwambia mtoto kwamba kuna hatua nne za kutilia shaka, ilhali ni moja tu, tena si mstari bali nafasi kati ya mistari miwili.

Swali la 12/12 lilishindwa, na nadhani lilistahili kushindwa. Nilimuuliza ujuzi alionao tayari, katika umbo la mtihani, naye akajibu kimtihani. Swali lililofungua lilikuwa lile la "imeenda wapi," kwa kuwa lilifuata alichokifanya kwa mkono wake. Ningeanza nalo tungeokoa dakika kadhaa za usingizi wake.

Kuhusu "uko karibu sana" sina utetezi. Ukaribu wa jibu na ukaribu wa kosa ni vitu viwili. Jibu lake lilikuwa karibu, vipande viwili tu vya kumi na mbili, na ndiyo sababu hata kukadiria kusingemsaidia: 5 na kitu toa karibu 3 ni 2 na kitu, na majibu yote mawili yanafaa hapo. Kosa lenyewe lilikuwa mbali, chini kabisa ya mazoea ya miaka mitatu au minne.

Kubwa nililolikosa ni lile la pembeni mwa rafu. Nilikiona kijimoja cha kubeba usiku uleule, nikakielewa, nikakitumia kueleza kwa nini alikuwa na uhakika, kisha nikakiacha. Nilitibu kukopa, nikasahau kwamba kubeba ni kosa lilelile likirudi nyumbani. 7 na 6 ni 13. Akaandika 3, akabeba 1, akapata 6 3/8, wakati 13/8 ni 1 5/8 na jibu ni 6 5/8. Na kwa kuwa kutoa kwake sasa kulikuwa kumenyooka, alipohakiki hayakufutana tena: alitoa 2 6/8 kwa 6 3/8, akakopa nane kama inavyotakiwa, akapata 3 5/8, si 3 7/8 aliyoanza nayo.

Ndiyo maana picha ile ya pili haikuja na swali la kosa liko wapi. Kati ya mstari wa pili na wa tatu alikuwa amechora mshale mdogo kwa penseli, na kando yake ameandika: "Mwalimu ni hapa?"